Sola, tangi na jenereta kwenye bima ya nyumba: kipi ni jengo, kipi ni mali ya ndani

Mkataba wa kawaida wa bima ya nyumba unaouzwa Nairobi hugawanywa kwa herufi. Sehemu A ni jengo. Sehemu B ni mali za ndani. Sehemu C ni vitu vilivyoorodheshwa kimoja kimoja na kukingwa dhidi ya hatari zote, na kwa kawaida watu huweka humo laptopu, kamera na vito. D ni wafanyakazi wa nyumbani, E ni madai ya watu wengine dhidi ya mwenye nyumba, na F ni madai dhidi ya anayeishi humo. Hakuna herufi ya sola, wala ya tangi, wala ya jenereta. Vitu hivi vitatu huangukia pale maneno ya mkataba yatakapoviangusha, na mwenye mali hujua vimeangukia wapi siku mkadiriaji hasara anapokuja na kalamu.

Sehemu ambayo kitu kimewekwa ndiyo inayoamua ni hatari zipi zinazokilinda, thamani yake inahesabiwa ndani ya kiasi gani cha bima, na utakatwa kiasi gani kabla ya kulipwa. Anayeuliza tu "sola yangu iko kwenye bima?" ataambiwa ndiyo, na jibu litakuwa la kweli. Kisha paneli zitaibiwa paani na dai litakataliwa, na hilo nalo litakuwa sawa kwa mujibu wa mkataba uleule.

Hatua ya kwanza: jua wewe ni nani kwenye nyumba hiyo

Anza na umiliki, kwa sababu paneli ileile, paani palepale, hubadilisha sehemu kutegemea nani aliyeinunua.

Maelezo ya sehemu A kwa kawaida hutaja nyumba yenyewe, vibanda na gereji zilizo ndani ya ua, kuta, mageti, ua, pamoja na vitu vya mwenye nyumba vilivyofungwa kwenye jengo. Kama nyumba ni yako na paneli zimefungwa kwa reli na bolti kwenye mabati, hoja ya kuziita jengo ni nzito. Kipimo kinachosaidia ni hiki: ukiuza nyumba kesho, mnunuzi atatarajia kuikuta pale au atatarajia uiondoe? Reli, paneli, waya zilizopitishwa ukutani na mnara wa tangi vinabaki. Jenereta ya kubeba inaondoka nawe.

Kama wewe ni mpangaji, sehemu A si yako kabisa; hiyo ni ya landilodi. Wewe una sehemu B, ambayo hukinga vitu vyako na vya jamaa wanaoishi nawe, na mara nyingi pia vitu ulivyovifunga mwenyewe ambavyo si vya mwenye nyumba. Lakini soma maneno yanayofuata hapo. Mikataba mingi inasema mali hizo zinakingwa zikiwa ndani ya jengo. Paneli iliyo juu ya mabati haimo ndani ya jengo. Kwa hiyo mpangaji mwenye sola paani anaweza kukosa A kwa sababu si mwenye nyumba, na akakosa B kwa sababu kitu kiko nje. Njia yake ni kuomba paneli ziandikwe kwa jina kwenye sehemu C, au kampuni imwandikie kwamba B inafika hadi paani. Awe pia na barua fupi ya landilodi inayosema paneli ni za mpangaji na ataondoka nazo. Bila barua hiyo, hata kabla ya bima kuingia, mwenye nyumba anaweza kudai kwamba kilichofungwa kwenye jengo lake ni chake.

Kwa mwenye fleti, paa ni mali ya pamoja, na chini ya Sheria ya Sectional Properties ya 2020 jengo husimamiwa na shirika la wamiliki. Ukipewa ruhusa ya kuweka paneli zako juu, ziripoti kwa bima yako mwenyewe na pia umwandikie anayeshughulikia bima ya jengo zima, ili kila upande usije ukadhani mwenzake ndiye anayezikinga.

Hatua ya pili: orodhesha mfumo kipande kwa kipande

Zunguka na simu mchana, piga picha kila kifaa, kisha piga tena kibandiko chenye namba ya mfululizo ya kiwandani. Paneli huwa na kibandiko chake nyuma, na zikishafungwa kwenye reli hukioni tena bila kuzifungua, kwa hiyo namba hizo mwombe fundi aziandike kwenye risiti siku anapofunga. Inveta huwa na kibandiko ubavuni, betri mbele au juu, jenereta karibu na injini.

Tuchukue mfano. Nyumba ya chini huko Utawala, mwenyewe anaishi humo. Paani kuna paneli 8 za wati 550. Ukutani kwenye chumba cha stoo kuna inveta ya kilowati 5, na chini yake betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5. Nyuma ya nyumba kuna tangi la plastiki la lita 10,000 juu ya mnara wa chuma. Kwenye veranda kuna jenereta ya petroli ya kubeba. Tuseme gharama yote ya kuweka sola upya, pamoja na reli, waya, breka na kazi ya fundi, ni shilingi 450,000. Tangi, mnara, msingi wake na pampu ni 300,000. Jenereta ni 110,000. Mkataba wake unasema A ni shilingi 6,000,000 na B ni 1,200,000, na haukuguswa tangu nyumba ilipokatiwa bima mara ya kwanza, kabla ya vitu hivi vyote.

Sola: swali gumu ni wizi

Kwa moto, radi na dhoruba, sola iliyofungwa kwenye nyumba ya mwenyewe hukaa vizuri sehemu A. Upepo ukiing'oa paneli na kuitupa kwa jirani, hiyo ni dhoruba. Mvua ya mawe ikipasua kioo, angalia kama imetajwa; isipotajwa, uliza kama inahesabiwa chini ya dhoruba na upate jibu kwa maandishi.

Kazi iko kwenye wizi. Mikataba mingi hulipa wizi pale tu mwizi alipovunja ili kuingia ndani ya jengo au kutoka, na pakawa na alama: komeo lililong'olewa, dirisha lililokatwa. Mwizi wa paneli hahitaji kuingia popote. Anaegemeza ngazi, anafungua bolti kwa spana, anakata waya na kushuka. Hakuna mlango uliovunjwa. Mkadiriaji atatembea nyumba nzima, hataona alama, na ripoti yake itasema hivyo. Ndiyo maana kuambiwa "ziko sehemu A" hakutoshi. Unachotaka kiandikwe ni kwamba wizi wa paneli zilizofungwa paani unakingwa bila sharti la kuvunja na kuingia jengo. Kampuni ikikataa kuiweka A, omba ziandikwe sehemu C. Huko ada ni ya juu zaidi kwa kila shilingi ya thamani, lakini wizi hauna sharti hilo, isipokuwa wameliongeza. Baadhi ya kampuni zitadai bolti za kuzuia wizi au waya wa umeme juu ya ukuta kabla ya kukubali. Wakidai, weka, kwa sababu sharti lisilotimizwa ni dai lililokufa.

Inveta na betri ziko ndani, kwa hiyo wizi wake huwa na alama za kuvunja. Tatizo lake ni umeme. Karibu kila mkataba unakataa kulipa kifaa cha umeme kilichoungua kwa shoti yake chenyewe, kuzidiwa na mzigo, au kupata joto. Radi inalipwa. Umeme wa gridi unaorudi kwa nguvu baada ya kukatika, jambo la kawaida sana mtaani, haulipwi mpaka kuwe na nyongeza inayosema hivyo. Kwa hiyo inveta iliyoungua inaweza kuwa na majibu matatu tofauti kutegemea kilichoiunguza, na anayesema kilichoiunguza ni fundi atakayeandika ripoti. Fundi akiandika "imeungua" tu, umepoteza. Aeleze: alikuta nini kwenye kizuia-radi cha upande wa paneli, breka ipi ilikatika, alama za moto zilianzia kwenye vituo vya paneli au vya gridi, na vifaa gani vingine ndani ya nyumba viliharibika saa hiyohiyo. Radi hailengi inveta peke yake; ikiwa tivii na ruta ya intaneti ziko salama, mkadiriaji atauliza.

Je, inveta na betri ni A au B? Inveta imefungwa ukutani, betri imekaa sakafuni na inatoka kwa kufungua nyaya mbili. Unaweza kubishana siku nzima. Kwa mwenye nyumba, afadhali mfumo mzima, kuanzia paneli hadi breka ya mwisho, uandikwe kama kitu kimoja chini ya sehemu moja. Sababu ni ya kifedha. Radi moja ikipiga paneli na inveta, na vitu hivi viko sehemu mbili, kampuni inaweza kukata ile sehemu ya kwanza ya hasara unayojilipia mara mbili, mara moja kwa A na mara moja kwa B. Na wakadiriaji wakitofautiana, betri inabaki katikati bila mwenyewe.

Jambo la mwisho la sola ni fundi. Chini ya kanuni za sola za mwaka 2012, anayefunga mfumo anatakiwa awe na leseni, na leo leseni hizo hutolewa na EPRA kwa madaraja ya T1, T2 na T3. Mfumo wa inveta inayofanya kazi pamoja na gridi ni wa daraja la juu, si wa fundi wa taa ndogo. Weka nakala ya leseni pamoja na risiti. Moto ukianzia kwenye kiungo cha waya kilicholegea paani, hilo ndilo karatasi la kwanza litakaloulizwa.

Tangi: maji yanalipwa, tangi huenda lisilipwe

Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lita 10,000 ni tani 10 juu ya mnara. Mnara uliofungwa kwa bolti kwenye msingi wa zege ni jengo bila ubishi mkubwa. Tangi la plastiki lililokalia mnara kwa uzito wake tu lina ubishi kidogo, na tangi la lita 500 lililowekwa juu ya matofali nyuma ya jikoni lina ubishi zaidi. Liandike pamoja na mnara na pampu kama kitu kimoja chini ya A.

Mkataba hutaja kupasuka au kufurika kwa tangi na mabomba kama hatari inayokingwa. Ukisoma haraka unadhani tangi limekingwa. Mara nyingi maneno hayo yanalipia kile maji yalichoharibu, na tangi au bomba lenyewe lililopasuka limeondolewa. Plastiki iliyochakaa kwa jua ikapasuka ubavuni haitalipwa kwa vyovyote, kwa sababu uchakavu hauingii kwenye bima. Tangi litalipwa likianguka kwa dhoruba au mnara ukigongwa na gari, mradi hatari hiyo imetajwa na haijawekewa kizuizi kwa vitu vilivyo nje uwanjani. Kizuizi hicho kipo kwenye mikataba mingi upande wa dhoruba na mafuriko. Kitafute.

Maji yakishamwagika, hasara yenyewe inagawanyika: dari na rangi ni A, makochi na godoro ni B. Mpangaji wa nyumba iliyofurika anadai B yake, landilodi anadai A yake. Na kama boya limeharibika na tangi likafurika kidogo kidogo kwa miezi hadi ukuta ukaota ukungu, kampuni itasema hilo halikuwa tukio la ghafla. Badilisha boya mapema, ni bei ndogo.

Mnara ukiangukia ukuta wa jirani au gari lake, A haikusaidii. Hapo ni sehemu E kwa mwenye nyumba, na F kwa anayeishi humo. Angalia kiwango cha juu cha sehemu hiyo. Mara nyingi huwekwa bila mwenye bima kukitazama.

Jenereta

Jenereta ya kubeba ni sehemu B. Ile kubwa ya dizeli iliyofungwa kwenye zege, yenye swichi ya chenjiova na waya uliopitishwa ardhini hadi kwenye bodi ya umeme, kwa mwenye nyumba inafaa A.

Ile ya kubeba ina mitego miwili. Wa kwanza ni mahali inapolala. Ikiachwa veranda, wizi wake hauna kuvunja. Ikiwekwa kwenye kibanda cha nje, angalia kama wizi kutoka vibanda vya nje unakingwa, maana mara nyingi umeondolewa au umewekewa kiwango kidogo. Wa pili ni kikomo cha kitu kimoja. Mkataba huwa na maneno kwamba hakuna kitu kimoja, kisichotajwa kwa jina, kitakachohesabiwa kuwa na thamani ya zaidi ya asilimia fulani ya B, na asilimia 5 ni ya kawaida. Kwenye mfano wetu, asilimia 5 ya 1,200,000 ni 60,000. Jenereta ya 110,000 italipwa 60,000 kabla ya makato. Mikataba hiyo huwa inaacha nje ya kikomo samani na vyombo vya nyumbani, na kama jenereta ni chombo cha nyumbani ni swali ambalo wewe na kampuni hamtalijibu sawa. Iandike kwa jina na bei, ubishi uishe.

Injini iliyokufa kwa kukosa oili haiko kwenye bima yoyote ya nyumba. Mafuta unayoyaweka, hasa ukihifadhi mitungi kadhaa, yaseme kwenye fomu. Na jenereta iliyounganishwa kwenye soketi ya ukutani bila chenjiova ni hatari ya kweli: inarudisha umeme kwenye laini ya Kenya Power na inaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Moto ukitokea hapo, usitarajie mkadiriaji afumbe macho.

Hatua ya tatu: rekebisha kiasi cha bima

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kitu kilichofungwa kwenye jengo huhesabiwa katika gharama ya kulijenga upya, hata kama hukukitaja. Rudi Utawala. Kujenga nyumba ileile leo kunagharimu 6,750,000. Ongeza sola 450,000 na tangi na mnara 300,000: jumla 7,500,000. Bima ni ya 6,000,000. Amekinga asilimia 80 tu.

Dhoruba inaharibu paneli na kona ya paa, hasara ya 300,000. Wengi hudhani kwa kuwa 300,000 ni ndogo kuliko milioni 6, italipwa yote. Kanuni ya uwiano inasema mwenye bima anabeba mwenyewe sehemu ambayo hakuikinga:

300,000 × 6,000,000 ÷ 7,500,000 = 240,000

Tuseme sehemu ya kujilipia ni 10,000, atapokea 230,000. Amepoteza 60,000 kwa sababu ya kiasi cha bima peke yake. Kuongeza milioni moja na nusu kwenye A, tukichukua kiwango cha asilimia 0.2 kwa mwaka, ni shilingi 3,000, pamoja na tozo za kisheria, yaani asilimia 0.2 ya mafunzo na 0.25 ya mfuko wa fidia za wenye bima, zinazohesabiwa juu ya ada. Kiwango cha kampuni yako kinaweza kuwa tofauti, lakini ulinganisho hautabadilika sana.

Tumia gharama ya kununua na kufunga upya leo. Bei uliyolipa wakati ule haisaidii, wala thamani ya shamba isiingie.

Hatua ya nne: andika, na upate jibu la maandishi

Ajenti kukuambia kwa simu kwamba "hiyo imeingia" hakubadilishi mkataba. Andika barua pepe kwa kampuni, ajenti au broka akiwa na nakala, ukiambatanisha picha, risiti na leseni ya fundi. Inaweza kuwa fupi hivi:

"Naomba mfumo wa sola (paneli 8, reli, inveta, betri na waya), wenye thamani ya shilingi 450,000, uandikwe kwa jina chini ya sehemu A, na wizi wa paneli zilizo paani ukingwe bila sharti la kuvunja na kuingia. Naomba tangi, mnara na pampu, shilingi 300,000, viandikwe chini ya A. Naomba jenereta, shilingi 110,000, iandikwe kwa jina chini ya B. Naomba kiasi cha A kiwe 7,500,000. Nijulisheni pia kama uharibifu wa umeme unaorudi kwa nguvu unakingwa, na kama la, ada ya kuuongeza."

Kinachokulinda ni nyongeza ya mkataba iliyotiwa sahihi na kampuni. Ikifika, isome neno kwa neno ukilinganisha na barua yako. Mara nyingi sola inaonekana kwenye A huku maneno ya wizi yakiwa yameachwa. Kama sola ilinunuliwa kwa mkopo wa sako au benki, mkopeshaji naye ajulishwe, kwa maana anaweza kutaka jina lake liwemo.

Hasara ikitokea

Toa taarifa kwa kampuni mara moja. Mkataba una idadi ya siku, na siku hizo huhesabiwa kweli. Kwa wizi, nenda kituo cha polisi upate namba ya OB na baadaye abstrakti, na hakikisha maelezo yanasema paneli zilifunguliwa paani, maana karani akiandika "nyumba ilivunjwa" na mkadiriaji asione alama, wewe ndiye utaonekana umedanganya. Piga picha za bolti na ncha za waya zilizokatwa kabla ya yeyote kupanda juu.

Funika paa kwa turubai, funga valvu ya tangi, zuia hasara isiendelee, na weka risiti za kazi hiyo. Lakini usibadilishe inveta kabla ya kukaguliwa, na usimwachie fundi aondoke na ile iliyoungua. Mafundi huichukua kwa ajili ya spea, na bila kifaa chenyewe hakuna wa kuthibitisha kwamba ilikuwa radi. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi ikitaja kifungu. Ukiona kifungu hicho hakisemi wanachodai, lalamika kwa kampuni kwanza, kisha upeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ukiwa na nyongeza ya mkataba, picha na ripoti ya fundi.